Mfereji Unaobanwa, Mkondo Usiokoma: JFET kwa Anayeanza

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wadogo zangu mlioanza juzi tu kushika waya na lehemu, nawashukuru kwa kufika. Nitaanza na kitu kidogo nilichokuja nacho mkononi, kisha maneno mengine yote yatatoka humo.

Hiki ni kipaza sauti kidogo, cha aina inayoitwa elektreti, nilichokitoa kwenye simu ya mezani iliyokufa. Kina sehemu mbili za kulehemu mgongoni, na ile iliyoungana na ganda ni ya hasi. Nakiunga kwenye betri mbili ndogo, yaani volti 3, nikipitisha mkondo kwenye mita. Mita inasoma karibu miliampia 0.3. Sasa naongeza betri mbili nyingine, volti zinakuwa 6. Yeyote aliyesoma kanuni ya Omu atategemea miliampia 0.6. Tazameni mita: bado inasoma karibu miliampia 0.3, imesogea kidogo mno.

Volti zimeongezeka maradufu na mkondo umekaa pale pale. Ndani ya kijikopo hiki mna transista moja ya aina ya JFET, na ndiyo inayoshikilia mkondo namna hii. Leo nataka kila mmoja aondoke hapa anajua kwa nini mkondo huu haupandi, na aweze kuutumia ujuzi huo kuchagua rezista moja tu: ile inayokaa chini ya transista kwenye kikuza sauti chake cha kwanza.

Tuingie ndani ya JFET yenyewe. Nadharia yake iliandikwa na William Shockley mwaka 1952, na mwaka uliofuata wenzake wawili, Dacey na Ross, wakaonyesha ya kweli ikifanya kazi. Ni kitu chepesi kukichora. Chukua kipande chembamba cha silikoni ya aina ya N, yaani yenye elektroni nyingi huru. Mwisho mmoja ni mguu wa S, tuuite sosi, ambako elektroni zinaingilia. Mwisho wa pili ni mguu wa D, tuuite dreni, ambako zinatokea. Huo ndio mfereji. Sasa ubavuni mwa mfereji, huku na huku, kumewekwa silikoni ya aina ya P, na pande hizo zimeungwa pamoja kwenye mguu wa tatu, G, yaani geti.

P ikikutana na N, tunapata dayodi. Na kila dayodi, pale mpakani, ina ukanda ambao elektroni zake huru zimekwisha kuondoka. Nitauita ukanda mkavu. Ukiipa dayodi volti za kinyume, ukanda huo unapanuka. Kadiri unavyopanuka ndivyo unavyokula upana wa mfereji, na elektroni zinabaki na njia nyembamba zaidi ya kupita.

Kwa hiyo zipo njia mbili za kuubana mfereji, na wanafunzi wengi hupotea kwa sababu wanazichanganya.

Njia ya kwanza ni kulifanya geti kuwa hasi kuliko sosi. Hapo ukanda mkavu unapanuka kwa urefu wote wa mfereji, na ukizidisha, kingo mbili zinakutana. Mfereji umefungwa kweli, hakuna kinachopita isipokuwa mkondo mdogo wa kuvuja usioonekana kwa mita ya kawaida. Volti ya geti inayofanya hivyo ndiyo VP, volti ya kubana. Karatasi za viwanda mara nyingi huiandika VGS(off).

Njia ya pili ni kuliacha geti liungane na sosi, kwenye volti sifuri, halafu upandishe volti za dreni. Hapa twendeni taratibu. Mkondo ukipita kwenye mfereji, volti hazilingani njia nzima. Karibu na sosi ni sifuri, katikati ni zaidi kidogo, na karibu na dreni ni kubwa kabisa. Geti lote lakini liko sifuri. Maana yake ni kwamba upande wa dreni ndio wenye volti nyingi za kinyume, basi ukanda mkavu unapanuka zaidi huko. Mfereji unakuwa na umbo la faneli: mpana mlangoni, mwembamba mwishoni. Volti za dreni zikifika sawa na ukubwa wa VP, ule mwisho mwembamba unabanwa.

Hapo ndipo swali linapokuja, na mimi mwenyewe lilinisumbua muda mrefu: kama mfereji umebanwa, mbona mkondo haukatiki?

Hebu tujaribu kudhani kwamba umekatika. Kama hakuna mkondo, hakuna volti zinazopotea njiani ndani ya mfereji. Mfereji wote, hadi pale palipobanwa, unakuwa na volti sawa na sosi, yaani sifuri. Lakini kama uko sifuri na geti liko sifuri, nini kimeubana? Hakuna. Basi utafunguka, na mkondo utapita tena. Mnaona? Mbano wa aina hii unazalishwa na mkondo wenyewe, kwa hiyo hauwezi kuuua mkondo. Unachoweza ni kuuzuia usiongezeke.

Na kwa nini usiongezeke? Kwa sababu kuanzia sosi hadi pale palipobanwa, volti zinazopotea ni kiasi kile kile siku zote: ukubwa wa VP. Mfereji ule ule, volti zile zile, mkondo ule ule. Ukiongeza volti kwenye dreni, zile za ziada zote zinaangukia kwenye kijisehemu kile kikavu kilicho baada ya mbano. Na ukanda mkavu si ukuta kwa elektroni inayofika ukingoni kwake. Nguvu ya umeme iliyomo humo inaikamata na kuirusha hadi kwenye dreni. Ni kama mto unaofika kwenye maporomoko: maji yanayoanguka kila dakika ni yale yaliyoletwa na mto huko juu. Ukichimba chini maporomoko yawe marefu mara mbili, maji yataanguka kwa kishindo zaidi, lakini hayataongezeka hata ndoo moja.

Mkondo huo usiopanda, geti likiwa sifuri, ndio IDSS. Kwa Kiswahili nauita mkondo wa kushiba: transista imeshiba, haipokei zaidi. Kwa uhalisia unapanda kidogo sana volti zikiongezeka, kwa sababu mbano unasogea kidogo kuelekea sosi na mfereji unafupika, ndiyo maana mita yangu ilitikisika. Kwa hesabu za mwanzo tunaupuuza. Ndani ya kipaza sauti hiki JFET inafanya kazi karibu na mkondo wake wa kushiba, na sauti inautikisa mkondo huo juu na chini.

Waliokwisha kusoma transista za kawaida, zile za besi, kolekta na emita, nawaomba mtenganishe jambo moja. Kule, transista ikiitwa imeshiba, maana yake imefunguka kabisa na volti kati ya kolekta na emita zimeshuka karibu na sifuri. Kwenye JFET, kushiba ni kinyume: dreni iko juu vya kutosha kiasi kwamba mkondo hauijali tena. Neno moja, hali mbili tofauti. Nimeona watu wazima wakibishana saa nzima kwa sababu hiyo tu.

Ukiwa katika hali hiyo ya kushiba, mkondo unaamuliwa na geti peke yake, kwa kanuni hii, ambamo ID ni mkondo wa dreni na VGS ni volti ya geti ikipimwa kutoka kwenye sosi:

```
ID = IDSS × (1 − VGS/VP)²
```

Geti likiwa sifuri, mabano yanakuwa 1, mkondo ni IDSS. Geti likifika VP, mabano yanakuwa 0, mkondo umekwisha. Geti likiwa nusu ya VP, mabano yanakuwa nusu, na nusu mara nusu ni robo: mkondo ni robo ya IDSS. Hiyo nusu kwa robo ishikeni, tutaitumia sasa hivi.

Sasa tufike kwenye tatizo la kila fundi. Chukua transista inayoitwa 2N5457, iliyozoeleka sana kwenye vikuza sauti vya gitaa. Karatasi ya kiwanda inasema IDSS yake ni kati ya miliampia 1 na 5, na volti yake ya kubana ni kati ya 0.5 na 6 upande wa hasi. Someni vizuri: huo ni upana wa mara 5 kwa mkondo na mara 12 kwa volti, na zote ni transista nzima, zimepita ukaguzi. Unene wa mfereji ukitofautiana kidogo tu wakati wa kutengenezwa, nambari hizi zinaruka. Kwenye BF245 kiwanda kiliamua kuzipanga kwa makundi ya A, B na C kulingana na IDSS, na hata ndani ya kundi moja bado zinatofautiana. Kwa hiyo mtu akikupa mchoro wenye rezista zilizokwisha kuchaguliwa, amechagua kwa transista yake yeye. Ya kwako lazima uipime.

Kupima hakuhitaji mtambo. Betri ya volti 9 na mita ya kidijitali zinatosha. Kwanza hakikisha umeijua miguu, maana mpangilio wake hubadilika kutoka aina moja hadi nyingine. Kwa mita iliyowekwa kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu ukiwa kwenye geti, utasoma karibu volti 0.7 kwenda kwenye mguu wa pili, na hivyo hivyo kwenda kwenye wa tatu. Kisha hamishia mita kwenye omu: kati ya dreni na sosi utasoma omu mia chache, mbele na nyuma sawasawa. Niliwahi kununua mfuko wa transista zilizoandikwa jina la JFET waziwazi, nikakuta kati ya miguu miwili ile mita haisomi kitu. Zilikuwa transista za kawaida zilizopigwa chapa ya jina jingine. Kipimo hiki cha nusu dakika ndicho kilichoniambia.

Kupata IDSS, unga geti na sosi pamoja, kisha mita ya mkondo kutoka hapo kwenda hasi ya betri, na dreni kwenye chanya. Unachosoma ndicho. Usiishike transista kwa vidole wakati huo: ikipata joto mkondo wa kushiba hushuka, na utaona nambari ikiteleza.

Kupata VP, unga geti kwenye hasi ya betri, dreni kwenye chanya, na sosi usiiunge popote isipokuwa kwenye waya mwekundu wa mita iliyowekwa kupima volti, mweusi ukiwa kwenye hasi. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10, kwa hiyo inapita chembe ndogo tu ya mkondo. Sosi inapanda yenyewe mpaka mfereji unakaribia kufungwa, na hapo inasimama. Mita ikisoma volti 2.0, VP yako ni hasi 2.

Kwa nini sosi inapanda yenyewe? Wadogo zangu, jibu la swali hili ndilo somo zima la kujipa baiasi, yaani transista kujiwekea yenyewe volti ya geti inayoihitaji.

Transista inahitaji geti liwe hasi kuliko sosi. Betri yetu moja haina volti chini ya sifuri. Lakini transista haijui sifuri ya betri iko wapi. Inachojua ni tofauti kati ya geti lake na sosi yake. Kama geti limeunganishwa na sifuri, na sosi imenyanyuliwa hadi volti 1 juu, basi kwa macho ya transista geti liko hasi volti 1. Geti halikushushwa, sosi ndiyo imepandishwa. Na kinachoipandisha ni mkondo wa transista yenyewe ukipita kwenye rezista iliyowekwa kati ya sosi na sifuri. Katika kipimo cha VP, mita yenyewe ndiyo iliyokuwa rezista.

Tufanye hesabu. Transista yangu ya kwanza nimeipima: IDSS ni miliampia 4, VP ni hasi 2. Nataka mkondo wa miliampia 1. Hiyo ni robo ya IDSS. Robo inapatikana geti likiwa nusu ya VP, yaani hasi 1. Basi sosi lazima inyanyuke volti 1 mkondo ukiwa miliampia 1:

```
RS = 1 V / 1 mA = 1 kΩ
```

Kiloomu 1. Kwenye dreni naweka rezista ya kiloomu 3.9 kwenda kwenye volti 9. Miliampia 1 inapoteza humo volti 3.9, dreni inakaa kwenye volti 5.1. Kati ya dreni na sosi zimebaki volti 4.1. Je, transista imeshiba? Volti zinazotakiwa ni tofauti ya VGS na VP, hapa ni volti 1 tu. Tuna nafasi ya kutosha kwa sauti kupanda na kushuka.

Geti nalo tunaliunga kwenye sifuri kwa rezista ya megaomu 1. Kwa kuwa dayodi ya geti imekaa kinyume, mkondo wake hauzidi nanoampia moja kwa 2N5457 isiyo na joto, na kwenye megaomu 1 hiyo ni milivolti moja. Geti linabaki sifuri, na chanzo cha sauti hakibebeshwi mzigo.

Sasa mwone uzuri wa rezista ile ya sosi. Nachukua transista ya pili, dhaifu: IDSS miliampia 2.5, VP hasi 1.4. Na ya tatu, yenye nguvu: IDSS miliampia 5, VP hasi 2.8. Tuseme fundi mmoja hakuweka rezista ya sosi. Alitafuta betri ya pili akalipa geti hasi 1 isiyobadilika. Ya kwanza inampa miliampia 1 kama alivyotaka. Ya pili, kwa kanuni ile ile, inampa miliampia 0.2. Ya tatu ingetaka kupitisha miliampia 2.07, na kwenye kiloomu 3.9 hiyo ni volti 8, ikabaki chini ya volti 1 kwa transista inayohitaji 1.8 ili ishibe. Imetoka kwenye kushiba, na sauti itakwaruza.

Kwa rezista yetu ya kiloomu 1, ya pili inakaa kwenye miliampia 0.67 na ya tatu kwenye 1.35. Hazikulingana, na asije mtu akawaambia kujipa baiasi kunafuta tofauti zote. Lakini badala ya tofauti ya mara 10 tumebaki na mara 2, na zote tatu zimeshiba: hata ile ya tatu imebaki na volti 2.4 kati ya dreni na sosi, na inahitaji chini ya 1.5. Sababu ni kwamba transista inayotaka kupitisha zaidi inainyanyua sosi yake zaidi, na kwa kufanya hivyo inaubana mfereji wake yenyewe. Ile dhaifu inainyanyua kidogo, mfereji unabaki wazi zaidi.

Kinga hii ina bei. Rezista ile haijui kutofautisha mkondo uliozidi kwa sababu ya transista na mkondo uliozidi kwa sababu ya sauti. Inavizuia vyote viwili. Kwa transista ya kwanza, kikuza hiki kingekuza karibu mara 8, lakini rezista ya sosi inakishusha hadi mara 2.6. Dawa ni kapasita sambamba na rezista hiyo. Mkondo wa siku zote unapita kwenye rezista na kuweka baiasi, mkondo wa sauti unapita kwenye kapasita. Maikrofaradi 47 inatosha hapa hadi sauti za chini kabisa, upande wake wa chanya ukiwa kwenye sosi. Wengine huiacha makusudi, kwa sababu bila kapasita ukuzaji ni mdogo lakini msafi zaidi. Mimi kwa kipaza sauti naiweka, kwa gitaa lenye mawimbi makubwa siiweki.

Mkishaijenga, pimeni sosi kwanza, kabla hata ya kuunga spika. Volti 1 hivi, uko salama. Ukisoma sifuri, hakuna mkondo: mguu umekosewa au waya wa dreni haujashika. Sosi ikisoma karibu volti 2 na dreni nayo imeshuka hadi pale pale ilipo sosi, shuku geti. Ama rezista ya megaomu 1 haijashika na geti linaelea, ama kapasita ya kuingizia sauti inavuja na kulisukuma geti juu. Geti linaloelea lina dalili moja zaidi: ukisogeza mkono karibu, nambari kwenye mita inacheza, na kwenye spika mnasikia mvumo wa umeme wa nyumba.

Mezani hapa nimeweka transista tisa za mfuko mmoja, betri na mita tatu. Njooni wawili wawili, mpime IDSS na VP ya kila moja, mziandike kwenye vile vikaratasi, kisha mnipigie hesabu ya rezista ya sosi itakayoipa kila moja robo ya mkondo wake wa kushiba.